Sura ya 5: Sikio la Bibi Kizee

Mwishoni mwa karibu kila hadithi iliyomo katika vitabu vya Kiswahili vya shule ya msingi kuna swali lisilokosekana: hadithi hii inatufundisha nini? Mwanafunzi aliyeizoea mitihani hana haja ya kuisoma hadithi ili alijibu. Akikutana na shujaa ataandika ujasiri, akikutana na sungura ataandika werevu, na fisi akijitokeza popote basi jibu ni tamaa mbaya. Mara nyingi atapewa alama, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha nao uliandikwa na mtu aliyefikiri hivyohivyo. Sura hii inatetea hoja iliyo kinyume na mazoea hayo. Funzo la ngano limo katika mpangilio wa matukio yake: nini kilitangulia, nini kilifuata, na tukio gani liliwekwa mahali ambapo hatukulitarajia. Kama hilo ni kweli, zoezi la kupanga matukio, ambalo walimu wengi huliona kuwa kazi ndogo ya kupoza kipindi, ndilo msingi wa mjadala wa funzo, na kazi ya msamiati ndiyo inayoufungua mlango wa yote mawili. Hoja ya namna hii haithibitishwi kwa maneno ya jumla. Tuijaribu kwa ngano moja, tuone inafika wapi.

Ngano yenyewe ni ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Iliandikwa kutoka kwa Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi ambao lugha zao zinakaribiana sana, na ambao leo wamechanganyika nao katika mkoa wa Tabora, hasa Igunga na Nzega. Alice Werner, aliyekuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London, aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, pamoja na ngano za mataifa mengine zinazosimulia zimwi lenye kumeza watu. Ifuatayo ni matini iliyoandikwa upya kwa ajili ya darasa la tano, inayobaki na matukio makuu ya ngano hiyo. Inatosha vipindi vitatu vya dakika 40.

Mwanamke mmoja aliishi peke yake na mwanawe katika kijiji kitupu. Nyumba zilikuwepo, vinu vilikuwepo, zizi lilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu mwingine wala ng'ombe. Mtoto, ambaye jina lake ni Masala Kulangwa, alipopata akili alimwuliza mama yake, "Mayu, watu waliojenga nyumba hizi wako wapi?" Mama akamjibu, "Kabla hujazaliwa lilikuja zimwi liitwalo Shing'weng'we, likawameza wote pamoja na mifugo yao, na baba yako akiwamo. Mimi nilikuwa na mimba yako. Nilijificha ndani ya lundo la pumba, likapita bila kuniona." Kesho yake mtoto alitoka kuwinda, akarudi anashangilia. "Mayu, nimemuua Shing'weng'we!" Mama akatazama, akasema, "Huyu ni panzi tu, mwanangu. Mlete tumchome, tule." Siku nyingine alirudi na ndege, siku nyingine na paa, siku nyingine na swala mkubwa, na kila mara alidhani amelimaliza zimwi, na kila mara mama alimwambia kile alichokileta ni nini, wakakila. Hatimaye alipanda mlimani, akaita kwa sauti. Sauti ikamjibu, "Ni mimi Shing'weng'we." Naye akasema, "Na mimi ni Masala Kulangwa." Wakapambana, zimwi likashindwa. Masala akalipasua mgongo kwa kisu, na baba yake akatoka, na watu wote, na ng'ombe. Lakini kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akamloga Masala, akaugua. Watu aliowaokoa wakakaa naye, wakamlinda, wakamtafutia dawa mpaka akapona. Ndipo wakamketisha kwenye kiti cha utemi, na mama yake akawa mama wa mtemi.

Tuanze na msamiati. Kosa la kawaida hapa ni wingi. Mwalimu huorodhesha maneno kumi na tano ubaoni, huandika maana mbele ya kila moja, wanafunzi hunakili, na kipindi huisha kabla hadithi haijasomwa. Matini hii inahitaji maneno manne tu yafanyiwe kazi, na kigezo cha kuyachagua si ugumu wake. Yachaguliwe maneno ambayo mwanafunzi akiyakosea, hadithi nzima inaharibika mkononi mwake. La kwanza ni kumeza. Mtoto anayelisoma kana kwamba ni kula, yaani kutafuna na kumaliza, hana namna ya kuelewa jinsi watu walivyotoka wakiwa hai, na atauona mwisho wa hadithi kuwa muujiza au uongo. La pili ni kupasua, ambalo linakwenda pamoja na la kwanza: waliomezwa wazima hawawezi kutoka ila kwa kupasua, na anayepasua haoni kilichoko upande wa pili wa ngozi. Tukio la sikio limefichwa humo. Zoezi linalofaa ni kuwapa wanafunzi vitu, si maana: kidonge, muwa, punje ya mahindi mabichi, yai la kuchemsha, kisha waseme kipi humezwa, kipi hutafunwa, kipi lazima kipasuliwe ndipo kiliwe, na waeleze sababu. Dakika kumi zinatosha.

Neno la tatu ni pumba. Mtoto wa Nzega analijua vizuri kuliko mtoto wa mjini, kwa kuwa huko mpunga unalimwa na pumba zinaonekana nje ya kila mashine ya kukoboa. Darasa litacheka kidogo, maana siku hizi mtu anayeongea ovyo naye huambiwa anaongea pumba. Acha wacheke, kisha uliza swali ambalo ndilo sababu ya kulichagua neno hili. Lundo la pumba lenye kumficha mwanamke mjamzito ni kubwa kiasi gani? Limetokana na nafaka kiasi gani, iliyotwangwa na watu wangapi? Matini haikusema kwamba kijiji kilikuwa kikubwa. Lundo ndilo linalosema. Hapo mwanafunzi anafanya kile ambacho mtaalamu wa usomaji angekiita kuhitimisha kutokana na dalili, na anakifanya kwa kutumia neno moja tu la nyumbani. Neno la nne ni mtemi, ambalo katika Unyamwezi lina uzito wa kihistoria. Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1893, alikuwa mtemi; Mirambo wa Urambo alikuwa mtemi. Mwalimu asiridhike na maana ya "mfalme". Aliulize darasa mtemi anapata wapi kiti chake: je, anajikalia mwenyewe, au anaketishwa? Katika matini yetu kitenzi ni wakamketisha, na mtendaji ni watu. Jambo hilo tutalirudia tutakapofika kwenye funzo.

Sasa kupanga matukio. Kwa ajili ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wanafunzi huzoeshwa zoezi la sentensi nne zilizochanganywa, ambazo huzipa herufi A mpaka D kwa mtiririko unaofaa. Ni zoezi zuri, lakini linaharibika kirahisi, na namna linavyoharibika inaonekana kwa hesabu ndogo. Sentensi nne zinaweza kupangwa kwa njia 24. Kama ya kwanza imeanza na "Hapo zamani" na ya mwisho imeanza na "Tangu siku hiyo", mwanafunzi ameshapewa mbili bure, zimebaki mbili, na mbili hupangwa kwa njia mbili tu. Asiyesoma kitu ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata zote. Hata bila dalili hizo, ikiwa kila herufi inasahihishwa peke yake, anayebahatisha hupata kwa wastani herufi moja kati ya nne. Mwalimu anayeona darasa lote limepata moja au mbili asiseme wameelewa kidogo. Huenda hawajaelewa kabisa.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Kiswahili hasa. Masimulizi yetu huenda kwa kiambishi -ka-: akatoka, akaita, akapasua. Sentensi yenye -ka- haianzi habari, inafuata nyingine. Yenye alipo- inaonyesha kitu kilichotangulia. Yenye "huyo" au "hilo" inadai jina lililotajwa kabla. Mwanafunzi mjanja hupanga kwa kufuata viambishi hivyo, akapata alama zote, na ukimwuliza nani alikatwa sikio hajui. Ujuzi huo wa sarufi si mbaya, ila si ufahamu, na zoezi linalotaka kupima ufahamu halina budi kuufunga mlango huo. Dawa yake ni rahisi: andika kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi, kwa -li-, na jina kamili la mtendaji. Kwa ngano yetu vipande vingekuwa sita. A: Watu walimketisha Masala kwenye kiti cha utemi. B: Mama alijificha kwenye lundo la pumba. C: Bibi kizee alimloga Masala. D: Masala alimwuliza mama yake habari za watu. E: Watu walimtafutia Masala dawa. F: Masala alileta panzi nyumbani. Hakuna kiambishi kinachomsaidia mtu hapa. Asiyejua kilichotokea atakwama, na atakapokwama utaona amekwamia wapi.

Mpangilio sahihi ni B, D, F, C, E, A. Makosa yake yana maana, na ndiyo thamani ya zoezi. Wanafunzi wengi huanza na D, kwa kuwa katika matini swali la mtoto linakuja kabla ya habari ya pumba. Hao wamefuata mpangilio wa kusimulia badala ya mpangilio wa kutokea. Wamesoma vizuri kwa macho lakini hawajatambua kwamba maneno ya mama yanarudi nyuma, wakati mtoto bado yuko tumboni. Hawahitaji kuambiwa "soma tena kwa makini". Wanahitaji swali moja: Masala alipouliza, alikuwa na umri gani, na mama yake alipojificha, Masala alikuwa wapi? Kosa la pili lina uzito zaidi. Wapo watakaoiweka A kabla ya C, yaani zimwi linakufa, kijana anapewa utemi, halafu ndipo bibi anamloga. Hawa hawakusahau hadithi kwa uzembe. Wameipanga kama walivyozoea hadithi za mashujaa: ushindi, kisha tuzo, na yaliyobaki ni mabaki. Kosa hilo ni funzo la ujasiri likijitokeza kabla ya wakati wake, na mwalimu akiliona ajue amekutana na kiini cha somo. Asilisahihishe haraka. Avibandike vipande ukutani kwa mpangilio huo wenye kosa, aviache mpaka kipindi cha tatu.

Katikati ya orodha kuna kipande kimoja, F, ambacho kingeweza kugawanywa: panzi, ndege, paa, swala. Hapa mpangilio hauongozwi na sababu. Ndege hakuja kwa sababu ya panzi. Unaongozwa na ukubwa, na mwanafunzi anayetofautisha aina hizi mbili za mpangilio ameshapiga hatua, kwa sababu ataweza kuuliza kwa nini msimulizi ametumia wa pili hapa na si pengine popote katika hadithi. Jibu linapatikana kwa kumtazama mama. Kila mara mtoto amekosea, na kila mara mama anafanya mambo mawili: anamtajia mnyama kwa jina lake, na anamwambia wamle. Hamcheki, wala hamdanganyi kwamba ni zimwi. Makosa ya mtoto yanakua ukubwa hatua kwa hatua, mpaka siku anapokutana na zimwi lenyewe hahitaji mama wa kumwambia ni nini, kwa sababu linajitaja. Anayeondoa panzi ili hadithi iwe fupi, kama wafanyavyo wahariri wengi wa vitabu vya kiada, anabaki na kijana aliyezaliwa shujaa, na hiyo ni hadithi nyingine.

Tumefika kwenye funzo, na hapa nataka kwenda polepole. Njia ninayoipendekeza ni kuchukua kila funzo linalotolewa na darasa na kulipimia matukio matatu ambayo ni rahisi kuyasahau: panzi, sikio, dawa. Funzo linaloacha mojawapo nje halijakataliwa moja kwa moja, lakini lina deni. Chukua "ujasiri hushinda". Linaeleza mlima na zimwi. Halielezi panzi, kwa maana kumuua panzi hakuhitaji ujasiri. Halielezi sikio, na dawa ndiyo kabisa, kwani hapo shujaa amelala hoi na hana cha kufanya. Chukua "watu hawana shukrani". Linamgusa bibi kizee, lakini linasahau kwamba bibi alikatwa kweli, tena na mtu aliyekuja kumwokoa, na linapingwa waziwazi na umati wote uliokaa na mgonjwa. Chukua "kuwa mwangalifu unapowasaidia wengine". Hilo linakaribia, lakini matini haioneshi Masala akijuta wala akimtibu bibi sikio lake. Ni ushauri tulioutunga sisi baada ya kusoma. Unaweza kuwa mzuri sana, ila haumo.

Kinachobaki ni kurudi ukutani, kwenye vipande. Kiti cha utemi kilikuja lini? Hakikuja zimwi lilipokufa. Kilikuja baada ya watu kumponya yule aliyewatoa tumboni mwa zimwi. Kama hadithi ingetaka kusema kwamba utemi ni malipo ya ujasiri, mahali pa kiti palikuwa wazi kabisa, pale mlimani, baba yake akiwa amesimama pembeni. Msimulizi akakiruka, akaweka jeraha, hasira, ugonjwa na uuguzi, ndipo akakileta. Kwa mpangilio huo, nadhani funzo lililo karibu zaidi na matini ni kwamba mtemi ni mtu anayedaiana na watu wake pande zote mbili: aliwaokoa, akamwumiza mmoja wao, wakamwokoa. Ushindi peke yake haukumfanya mtemi. Funzo hili lina nafasi kwa sikio na kwa dawa. Lina nafasi hata kwa panzi, kwa kuwa kabla ya kuwategemea watu, Masala aliitegemea kauli ya mama yake ili ajue alichokiua.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba mpangilio ndio unaobeba funzo hauko Tabora, uko Lesotho. Basotho wana ngano ileile kwa mwanzo wake: zimwi Kholumolumo linameza watu wote, mwanamke mmoja anabaki, anazaa mwana, Senkatana, naye anakua, analiua zimwi na kuwatoa watu. Lakini mwisho ni mwingine. Watu waliookolewa wanamgeukia mwokozi wao, na hatimaye anauawa. S. M. Mofokeng aliiandikia tamthilia mwaka 1952 yenye jina la shujaa huyo. Weka ngano hizi mbili pamoja mbele ya darasa, kisha uliza funzo. Ujasiri umo katika zote mbili, kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ujasiri hauwezi kutuambia tofauti yake ni nini. Na funzo lisiloweza kutofautisha hadithi ya mtu aliyeketishwa utemini na hadithi ya mtu aliyeuawa halijagusa hadithi yoyote kati ya hizo. Zinatofautiana katika yale yanayofuata baada ya zimwi kupasuliwa. Kwa Basotho, waliookolewa wanammaliza mwokozi wao. Kwa Wasukuma, mmoja anadhuru na wengine wanaponya.

Hoja hii ina wapinzani, na wa kwanza yuko katika mji wa Tabora wenyewe. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda kaskazini ziwani. Burton na Speke walifika huko mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwaka 1872, na tembe hilo linatembelewa hadi leo. Pembe za ndovu na watumwa vilipita hapo. Mwalimu wa Tabora atasema, na si bila sababu, kwamba zimwi linalomeza vijiji vizima na mifugo yao ni biashara ya utumwa iliyovikwa ngozi ya ngano, na kwamba kusoma hadithi hii mahali hapa bila kusema hivyo ni kuwaficha watoto historia yao.

Naona kuna mambo mawili yamechanganywa. La kwanza ni chanzo. Ngano iliyopo Lesotho, mbali kabisa na njia ya Bagamoyo, haikuzaliwa na njia ya Bagamoyo. La pili ni jinsi wasikilizaji wa Unyanyembe wa karne ya 19 walivyoisikia, na hapo sikatai kwamba mtu aliyeona kijiji kilichoachwa tupu angeweza kufikiria Shing'weng'we. Lakini hilo ni swali la historia, na historia ya Unyamwezi haikubali kubanwa ndani ya zimwi. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile, wengi wao wakitoka kwa hiari na kwa ujira, wakibeba mzigo wa kilo 30 hivi mtu mmoja, wakiondoka baada ya mavuno na wakitaka kurudi kabla ya kilimo. Walikuwa pia wafanyabiashara wenyewe. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia kwa sababu alitaka ushuru na mamlaka juu yake. Ukisema msafara ni zimwi, mpagazi unamweka wapi, tumboni au mgongoni? Kipindi cha ufahamu kinaweza kuliuliza swali hilo na kulipeleka kwenye somo la historia. Kikilijibu chenyewe kitapoteza sikio, kwa maana katika usomaji huo bibi kizee hana kazi yoyote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani linajibika kikamilifu. Katika mikoa ya magharibi na ya ziwa, Tabora ikiwamo, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, wengine wakishukiwa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Mzazi au mwalimu mkuu atauliza kwa nini tuwape watoto wa miaka kumi na moja hadithi ambamo bibi kizee anamloga kijana. Wahariri wengine hujibu kwa kulikata tukio. Matokeo yake ni matini salama yenye funzo la ujasiri, yaani tunarudi pale tulipoanzia. Ninaona afadhali kulibakiza, kwa sharti kwamba maswali yaandaliwe kwa uangalifu. Nani aliumizwa kwanza? Kisu kilikuwa cha nani? Je, bibi alikuwa mtu mbaya kabla ya kukatwa? Matini inasema nini juu ya watu walivyomtendea bibi baadaye? Jibu la swali hili la mwisho ni kwamba haisemi kitu. Watu walipogundua kijana anaugua walikwenda kutafuta dawa. Hawakwenda kutafuta panga. Mtoto aliyeligundua hilo mwenyewe kwa kurudi kwenye matini amepata kitu ambacho kibao cha kukataza mauaji ya vikongwe hakiwezi kumpa. Hata hivyo, katika kata ambayo mauaji ya namna hiyo yametokea karibuni na darasani yumo mjukuu wa marehemu, mwalimu achague ngano nyingine, na asitafutiwe sababu za kitaaluma za kufanya vinginevyo.

Pingamizi la tatu ni la mtihani. Mtihani unataka jibu moja, na mwanafunzi aliyezoeshwa kupima mafunzo manne kwa matukio matatu atachelewa, au atachagua jibu ambalo msahihishaji halitaki. Ni kweli kwamba atachelewa mwanzoni. Lakini maswali ya ufahamu ya kuchagua hujengwa kwa kawaida kwa jibu moja linalotoshea matini na mengine yanayotoshea nusu yake, na kupima jibu kwa matukio ndiyo njia ya kuyatenga. Shida ipo pale ambapo mtunzi wa swali mwenyewe aliridhika na nusu. Hapo mwanafunzi mzuri ataumia, na mwalimu wake hana la kumfanyia zaidi ya kumfundisha kutambua swali la aina hiyo na kulijibu kama lilivyotaka.

Katika kusahihisha mjadala huu darasani, alama zigawanywe hivi: kati ya tano, moja kwa funzo lenyewe, lolote lile, na nne kwa matukio yaliyotajwa kuliunga mkono au kulipinga, mradi yawe ya kweli na yawe katika mpangilio wake. Mwanafunzi aliyeandika "ujasiri", akataja mlima, akakiri kwamba sikio halitoshei, apate tatu au nne. Aliyeandika sentensi nzuri juu ya umoja na mshikamano bila kutaja mtu hata mmoja wa ngano hii apate moja. Na yule atakayeuliza kwa nini hakuna aliyelishughulikia sikio la bibi, wakati dawa ilikuwa inatafutwa hata hivyo, apewe alama zote tano, kisha swali lake liandikwe ubaoni na kipindi kinachofuata kianzie hapo.